Kushuka parabola hatua kwa hatua: namna ya kuchagua kiwango cha kujifunza kisichoishia kwenye `nan`

Wanaoanza mshuko wa gradienti, yaani kutafuta chini kabisa ya mchoro kwa kufuata mteremko hatua kwa hatua, hukwama mahali pamoja. Wananakili kiwango cha kujifunza, namba inayoamua urefu wa kila hatua, cha 0.1 kutoka kwenye somo fulani, wanakiweka kwenye data yao, na baada ya sekunde moja kioo kinajaa `inf`, namba iliyopita kiasi, na `nan`, kitu ambacho si namba tena. Wanakishusha hadi 0.0000001, na sasa hakuna kinachosogea. Kisha wanabahatisha.

Hakuna haja ya kubahatisha. Kwenye parabola, kiwango kinachofaa hupatikana kwa kugawanya mara moja tu. Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mdogo, wa nauli za boda boda, na unautumia mwanzo hadi mwisho ili kila namba uweze kuikagua mwenyewe.

## Vinavyohitajika

- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha kawaida. Hatua nne za kwanza hazihitaji kompyuta.
- Derivativi ya kiwango cha kidato cha tano: ujue kwamba derivativi ya `w²` ni `2w`, na kwamba derivativi ni mteremko wa mchoro mahali ulipo.
- Python 3 kwa hatua ya tano, kwenye kompyuta au simu. Hakuna maktaba ya kusakinisha.
- Data hii ya safari nne. Imetungwa kwa ajili ya zoezi, kwa hiyo usiende kumdai dereva kwa bei hizi.

| Umbali (kilomita) | Nauli (maelfu ya shilingi) |
|---|---|
| 1 | 2 |
| 2 | 2 |
| 3 | 5 |
| 4 | 6 |

Swali ni hili: tukitaka kukadiria nauli kwa kuzidisha umbali kwa namba moja, `w`, namba hiyo iwe ngapi?

## Hatua ya 1: Geuza swali kuwa parabola

Kwa kila safari, makadirio ni `w` mara umbali. Toa nauli halisi, pata kosa, lipige kipeo cha pili ili alama ya kutoa isifiche chochote, kisha tafuta wastani wa makosa yote manne. Wastani huo tuuite `J`.

Ukifungua mabano utahitaji namba tatu tu. Wastani wa mraba wa umbali ni (1 + 4 + 9 + 16) ÷ 4 = 7.5. Wastani wa umbali mara nauli ni (2 + 4 + 15 + 24) ÷ 4 = 11.25. Wastani wa mraba wa nauli ni (4 + 4 + 25 + 36) ÷ 4 = 17.25. Kwa hiyo:

```
J(w) = 7.5w² − 22.5w + 17.25
```

Hiyo ni parabola inayofunguka juu. Tunatafuta chini yake kabisa.

Dalili ya mafanikio: weka `w` = 0, upate 17.25. Weka `w` = 1, upate 2.25. Ukipata namba nyingine, rudia mabano kabla ya kuendelea.

Tahadhari: usitarajie `J` ifike 0. Safari ya kilomita 1 na ya kilomita 2 zina nauli ileile, na hakuna `w` moja inayoweza kuziridhisha zote mbili. Sakafu ya parabola hii iko 0.375. Wengi huendelea kuhangaika na kiwango cha kujifunza wakati tayari wameshafika chini, kwa sababu tu kosa lililobaki si sifuri.

## Hatua ya 2: Pata derivativi, kisha uihakiki

```
g(w) = 15w − 22.5
```

Kabla ya kuiamini, ipime kwa namba. Chukua `w` = 1, ambapo fomula inasema mteremko ni −7.5. Sasa kokotoa `J` pande zote mbili za hapo, karibu sana: `J(1.01)` ni 2.17575, na `J(0.99)` ni 2.32575. Tofauti yake ni −0.15. Gawanya kwa umbali kati ya nukta hizo, 0.02, upate −7.5.

Kipimo hiki huchukua dakika moja na hukamata makosa mengi kuliko kingine chochote katika kazi hii. Ukisahau kuzidisha kwa 2, au ukisahau umbali uliopaswa kubaki nje ya mabano, namba hazitalingana, na utajua tatizo liko kwenye derivativi, siyo kwenye kiwango cha kujifunza.

Angalia pia alama. Kwenye `w` = 1 mteremko ni hasi, maana yake ukienda kulia `J` inapungua. Derivativi hasi inakutuma kulia, chanya inakutuma kushoto. Ndiyo sababu tunatembea kinyume cha derivativi.

## Hatua ya 3: Tembea hatua tatu kwa mkono

Kanuni nzima ni mstari mmoja, na `eta` ndiyo kiwango cha kujifunza:

```
w_mpya = w − eta × g(w)
```

Anza `w` = 0 na `eta` = 0.01.

Hatua ya kwanza: `g` = −22.5, kwa hiyo `w` inakuwa 0 + 0.225 = 0.225.

Hatua ya pili: `g` = 15 × 0.225 − 22.5 = −19.125, na `w` inakuwa 0.225 + 0.19125 = 0.41625.

Hatua ya tatu: `g` = −16.25625, na `w` inakuwa 0.57881.

Ona kwamba hatua zinafupika zenyewe: 0.225, kisha 0.191, kisha 0.163. Hatukugusa `eta`. Mteremko wenyewe ndio unaopungua kadiri tunavyokaribia chini, na hatua hupungua pamoja nao. Kwa sababu hiyo, kwenye parabola, huhitaji kupunguza kiwango cha kujifunza njiani.

Kosa la kawaida hapa: kuongeza badala ya kutoa. Ukiandika `w + eta × g`, hatua ya kwanza inakupeleka −0.225, ya pili −0.48375, na utaendelea kukimbilia upande uleule bila kugeuka. Kumbuka sura hiyo. Kukimbia upande mmoja tu ni dalili ya alama iliyogeuzwa, na hata ukipunguza `eta` vipi hutapona. Utapotea polepole zaidi, basi.

## Hatua ya 4: Pata mpaka wa kiwango cha kujifunza

Hapa ndipo penye jibu lenyewe, kwa hiyo nenda taratibu.

Chini ya parabola ni pale derivativi inapokuwa sifuri: 15w = 22.5, yaani `w` = 1.5. (Ndiyo, kwa mfano huu tunaweza kulipata jibu moja kwa moja. Tunautumia kwa sababu hiyohiyo: ukijua jibu, unaona wazi njia inavyolikaribia au kulikimbia.)

Sasa usiangalie `w`. Angalia umbali uliobaki, `w − 1.5`. Derivativi inaweza kuandikwa 15 × (w − 1.5), kwa hiyo kila hatua inafanya hivi tu:

```
umbali_mpya = (1 − 15 × eta) × umbali
```

Yaani kila hatua huzidisha umbali uliobaki kwa namba ileile. Tuiite kizidisho. Tabia yote ya mshuko imo ndani yake.

Ile 15 ni mpindo wa parabola: mteremko hubadilika kwa 15 kila `w` inaposogea kwa 1. Parabola iliyobana ina mpindo mkubwa, iliyotanda ina mdogo. Kwa parabola yoyote ya `aw² + bw + c`, mpindo ni `2a`.

Sasa soma jedwali hili, ukianza na `w` = 0 kila mara.

| `eta` | Kizidisho | `w` katika hatua za mwanzo |
|---|---|---|
| 0.0001 | 0.9985 | 0.002, 0.004, 0.007 |
| 0.01 | 0.85 | 0.225, 0.416, 0.579 |
| 1/15 | 0 | 1.5 |
| 0.1 | −0.5 | 2.25, 1.125, 1.6875 |
| 0.15 | −1.25 | 3.375, −0.844, 4.430 |

Kizidisho kikiwa kati ya 0 na 1, unashuka upande mmoja bila kuvuka. Kwa `eta` = 0.01 unahitaji hatua 31 ili uwe ndani ya 0.01 ya jibu. Kwa 0.0001 unahitaji zaidi ya 3,300. Mwelekeo ni uleule na jibu ni lilelile. Kilichopotea ni muda wako.

Kizidisho kikiwa 0, unafika kwa hatua moja. Hilo hutokea `eta` ikiwa 1 ÷ mpindo.

Kizidisho kikiwa kati ya −1 na 0, unaruka upande wa pili kila hatua, lakini kila mruko ni mfupi kuliko uliopita. Wengi wakiona `w` inayumba hivi huogopa na kusimamisha programu. Usiisimamishe. Kwa `eta` = 0.1 umbali unakatwa nusu kila hatua, jambo ambalo ni haraka kuliko 0.01 kwa mbali.

Kizidisho kikiwa −1 hasa, yaani `eta` = 2 ÷ 15, unaruka kutoka 0 hadi 3, kisha 0, kisha 3, bila mwisho. Kikipita hapo, kila mruko ni mrefu kuliko uliotangulia. Kwa 0.15 kosa linapanda kutoka 17.25 hadi 26.7, kisha 41.6, kisha 64.7.

Kanuni ya kubeba kutoka hapa ni moja:

```
0 < eta < 2 / mpindo        bora zaidi: eta = 1 / mpindo
```

Kwa data yetu mpaka ni 0.133 na kilicho bora ni 0.067. Zingatia jinsi 0.1 inayofanya kazi ilivyo karibu na 0.15 inayolipuka. Kukosea kuelekea kwenye udogo kunakuchelewesha. Kukosea kuelekea kwenye ukubwa kunaharibu kazi yote. Kwa hiyo, ukiwa na shaka juu ya mpindo, chagua nusu ya `1 / mpindo` na uendelee.

## Hatua ya 5: Iendeshe kwenye Python

```python
x = [1, 2, 3, 4]
y = [2, 2, 5, 6]
n = len(x)
w = 0.0
eta = 0.05

for hatua in range(1, 201):
    g = sum(2*(w*a - b)*a for a, b in zip(x, y)) / n
    if abs(g) < 0.001:
        break
    w = w - eta * g
    print(hatua, round(w, 5), round(g, 5))
```

Dalili ya mafanikio: mstari wa kwanza ni `1 1.125 -22.5`, programu inachapisha mistari minane, na `w` ya mwisho ni 1.49998. Makadirio yako ni shilingi 1,500 kwa kilomita.

Sasa badilisha `eta` iwe 0.1, halafu 0.15, ulinganishe na jedwali.

Kisha futa `/ n` uone kitakachotokea ukirudi kwenye 0.1. Inalipuka. Bila kugawanya kwa idadi ya safari, mpindo unakuwa 60 badala ya 15, na mpaka unashuka hadi 0.033. Hili huwapata wanaojumlisha makosa badala ya kuchukua wastani: programu inafanya kazi kwa safari kumi, wanaongeza data hadi safari mia, inaharibika, nao wanailaumu data. Tumia wastani daima, na mpindo hautakua kwa sababu tu safari zimeongezeka.

## Hatua ya 6: Kagua vipimo kabla ya kulaumu `eta`

Andika umbali uleule kwa mita:

```python
x = [1000, 2000, 3000, 4000]
```

Ni safari zilezile, barabara zilezile, nauli zilezile. Rudisha `/ n` kama uliifuta, weka `eta` = 0.1, uendeshe. Hatua ya kwanza inakupeleka 2250, wakati jibu sahihi sasa ni 0.0015. Hatua ya pili inakupeleka karibu na hasi bilioni 3.4. Kwenye hatua ya 50 hivi namba zinapita ukubwa ambao Python inaweza kuhifadhi, unaona `inf`, kisha kutoa `inf` kwenye `inf` kunazaa `nan`. Tangu hapo kila mstari ni `nan`.

Sababu iko kwenye hatua ya 1. Mpindo ni mara mbili ya wastani wa mraba wa umbali. Ukizidisha umbali kwa 1,000, mpindo unazidishwa kwa 1,000,000. Kutoka 15 umekuwa 15,000,000, na mpaka wa `eta` umeshuka kutoka 0.133 hadi takriban 0.000000133.

Kitu kinachowashangaza wengi: kubadilisha nauli kutoka maelfu ya shilingi hadi shilingi kamili hakugusi mpindo hata kidogo. Jibu linakuwa 1500 badala ya 1.5, mwanzo wako unakuwa mbali zaidi na jibu, lakini `eta` = 0.05 bado inafaa. Ni safu ya umbali, ile inayozidishwa na `w`, ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo kiwango cha kujifunza ulichosoma mahali hakina maana mpaka ujue kilitumika kwenye vipimo gani. Njia nyepesi ni kupima safu ya umbali upya ili thamani zake ziwe karibu na 1, kwa mfano kwa kuzigawanya zote kwa iliyo kubwa zaidi. Kwa safari zetu unapata 0.25, 0.5, 0.75 na 1, na mpindo unakuwa 0.9375, iwe ulianza na mita au kilomita. Ukifanya hivyo, kumbuka kugawanya `w` ya mwisho kwa namba hiyohiyo uliyogawanyia umbali, la sivyo bei utakayoisoma siyo ya kilomita moja.

## Hatua ya 7: Ukiwa hujui mpindo

Mara nyingi hutakuwa na fomula iliyofunguliwa mabano. Utakuwa na programu inayokupa `g` pekee. Inatosha.

Piga hatua moja ndogo, kisha linganisha miteremko miwili:

```
mpindo = (g_ya_pili − g_ya_kwanza) / (w_ya_pili − w_ya_kwanza)
```

Tumia namba za hatua ya 3. Kutoka `w` = 0 hadi 0.225, `g` ilitoka −22.5 hadi −19.125. Tofauti ni 3.375, na 3.375 ÷ 0.225 = 15. Ni mpindo wenyewe, umepatikana kwa hatua moja, na kutoka hapo `eta` = 1/15.

Kwenye parabola kipimo hiki ni kamili popote ulipo, kwa sababu mpindo haubadiliki. Kwenye mchoro mwingine kinaeleza tu mahali ulipopimia, nawe utalazimika kupima tena ukisogea mbali. Na ukiwa na vigezo viwili, mfano nauli ya kuanzia pamoja na bei ya kilomita, kuna mipindo tofauti kwa pande tofauti. Mkubwa kuliko yote ndio unaoweka mpaka, na upande wenye mpindo mdogo unalazimika kutambaa kwa kiwango hichohicho. Ndiyo sababu kupima safu upya, kama katika hatua ya 6, kunazidi kuwa na umuhimu vigezo vinapoongezeka.

## Hatua ya 8: Simama mahali sahihi

Programu yetu inasimama `g` ikiwa chini ya 0.001 bila kujali alama. Gawanya hiyo kwa mpindo na utajua uko umbali gani na jibu: 0.001 ÷ 15, chini ya 0.00007. Kwa shilingi, ni senti chache tu kwa kilomita.

Wengine husimama `J` inapoacha kupungua. Kigezo hicho kina mtego. Weka `eta` = 0.0000001 na useme "simama `J` ikipungua kwa chini ya 0.0001". Hatua ya kwanza inapunguza `J` kwa takriban 0.00005 tu, programu inasimama palepale, na inakukabidhi `w` = 0.00000225 kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe haijaondoka nyumbani. Mteremko bado ni −22.5, na ungeuchapisha ungeona mara moja kwamba uko mbali na chini.

Chapisha `g` kila mara, hata kama huitumii kusimamisha. `J` ikiwa imetulia huku `g` ikiwa kubwa, `eta` ni ndogo mno. `g` ikibadilisha alama kila hatua huku ikikua, `eta` imepita 2 ÷ mpindo. `g` ikikua bila kubadilisha alama, rudi kwenye mstari wa `w = w - eta * g` ukaangalie kama uliweka kujumlisha.